Usikimbilie Friza: Mwongozo Kamili wa Masaa 24 ya Kwanza ya Nyama ya Mbuzi

Wakuu, hii nimeandika baada ya kuulizwa swali lilelile na watu wengi hapa Moshi na Arusha, kwamba mbuzi alikuwa mdogo, kanona, kachinjwa na mtu anayejua, halafu nyama ikatoka ngumu mpaka taya zinauma. Wengi wanalaumu mchomaji au wanasema mbuzi alikuwa mzee wakadanganywa mnadani. Mara nyingi kosa lipo katikati, yani yale masaa kumi baada ya kisu kupita, na kosa lenyewe tunalifanya kwa nia njema kabisa ya kuwahi kuweka nyama kwenye ubaridi.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Send-off ya mtoto wa dada, sherehe Jumamosi. Ijumaa saa 11 jioni tukachinja mbuzi watano wa kundi moja, umri mmoja, wote maksai. Mmoja wa ndafu tukamtundika mzima kwenye stoo ya ndizi ya mzee usiku kucha, wale wanne wa kuchoma mimi kwa ujanja wangu nikawakatakata wakiwa bado wa moto kabisa, nikajaza friza, saa 12 na robo mfuniko umefungwa najiona mtaalamu. Asubuhi nikaitoa nyama nikaiyeyusha kwenye beseni la maji. Maji yakawa mekundu kama juisi ya rosela, na vipande vilivyokuwa virefu kama kiganja vikajikunja vikawa vifupi vinene, nikadhani ni macho yangu. Kilichotokea kwenye jiko mnaweza kukisia. Ndafu aliisha mpaka mifupa, choma ilirudi na sahani. Babu mmoja akaniita pembeni akaniambia, "Mjukuu, hii nyama umeiogopesha." Nilicheka ila kumbe alikuwa karibu sana na ukweli.

Kwanza elewa nyama inafanya nini ikishakufa mnyama

Msuli haufi dakika ile mnyama anapokufa. Umeshawahi kuona steki iko juu ya meza ya bucha inacheza yenyewe, inatetemeka kidogo kidogo, na ukiiwekea chumvi ndio inazidi? Watoto wanaogopa wanasema ng'ombe yu hai. Ile ni kwamba ndani ya nyuzi za msuli bado kuna nishati, inaitwa ATP, na msuli bado unaweza kujikunja na kujiachia kama kawaida.

Sasa damu imeshatoka, oksijeni hakuna, kwa iyo msuli unatengeneza ATP kwa kuunguza akiba ya sukari iliyohifadhiwa ndani yake inayoitwa glaikojeni. Bila oksijeni sukari hiyo inaishia kuwa asidi ya laktiki, ile ambayo kwa mnyama hai ingebebwa na damu, ila sasa damu haipo basi inabaki hapohapo. Ndio maana pH, yani kile kipimo cha uasidi ambacho namba yake inapungua asidi ikizidi, inashuka. Msuli wa mnyama hai uko kwenye pH ya 7 na kidogo, na kwa mnyama aliyepumzika vizuri inashuka taratibu mpaka kwenye 5.5 au 5.7 hivi ndani ya siku moja.

ATP ndio inayoziachanisha nyuzi mbili za protini, aktini na mayosini, ambazo zinatelezeana msuli ukifanya kazi. Ikiisha, zinashikana na haziachii tena. Hapo ndio mnyama anakakamaa, wanaita rigo motisi. Kwa mbuzi anayetundikwa sehemu isiyo na joto kali wala baridi kali, utaanza kuona anakuwa mgumu baada ya masaa kadhaa, na kufika kesho yake ameshakakamaa wote. Kuku yeye ni haraka sana, ndani ya masaa machache tu, ng'ombe anachukua muda mrefu zaidi.

Swali la ulaini lote liko hapa: zile nyuzi zilikuwa na urefu gani wakati zinashikana? Zikishikana zikiwa zimelala kwa urefu wake, nyama itakuwa sawa. Zikishikana zikiwa zimejikunja, zimebanana, basi umefungia ugumu ndani na hakuna viungo vitakavyoutoa.

Baridi inaingiaje kwenye hii kesi

Ndani ya msuli kuna vifuko vidogo vinavyohifadhi kalsiamu. Kalsiamu ikitoka msuli unajikunja, ikirudishwa msuli unaachia. Ile kazi ya kuirudisha inafanywa na pampu, na hizi pampu hazipendi baridi. Ukiipoza nyama ikashuka chini ya digrii 10 au 12 wakati ATP bado ipo, pampu zinalegea, kalsiamu inavuja, msuli unajikunja kwa nishati iliyobaki, halafu nishati inaishia hapohapo kwenye kujikunja. Umeshajifunga. Watafiti wawili wa Nyuzilandi, Locker na Hagyard, walilionyesha hili kwa nyama ya ng'ombe mwaka 1963, na kilichowashangaza watu ni kwamba msuli ulijikunja kwa uchache kabisa kwenye digrii 14 mpaka 19 hivi, na kwenye baridi kali ndio ulijikunja sana. Yani kuna ubaridi wa wastani ambao nyama inautaka wakati inakakamaa, na friji yako iko mbali sana nao.

Mbuzi ndio anaumia kuliko wote kwa sababu ni mdogo na hana mafuta mengi ya juu. Ng'ombe mwenye paja nene, ndani kabisa bado ni wa moto masaa mengi hata ukimweka kwenye chumba cha ubaridi. Mbuzi wa kilo 13 anapoa kama chai kwenye kisosi.

Friza moja kwa moja ni mbaya zaidi ya friji, na ndio kosa langu la send-off. Barafu inapasua vile vifuko vya kalsiamu, ila kwa sababu kila kitu kimeganda msuli hauwezi kusogea. ATP imegandia humo ndani bado iko. Siku ukiiyeyusha haraka, kalsiamu yote inamwagika kwa mpigo, ATP ipo, msuli unajikunja kwa nguvu za ajabu na unakamua maji yake. Ndio yale maji mekundu ya beseni. Na kama umeshatoa mifupa ni balaa, maana hakuna kitu kinachoushikilia msuli usijivute.

Hatua ya kwanza: mbuzi afike na sukari yake

Hapa watu wanaruka. Kama mbuzi ametoka mnada wa Weruweru au Meserani akiwa amebanwa kwenye pikapu, kasukumwa, kapigwa fimbo, hajala, yule ameshaunguza glaikojeni yake yote akiwa hai. Ukimchinja hivyo hakuna cha kugeuka asidi, pH inagoma kwenye 6.2 au 6.3, nyama inakuwa nyeusi-nyeusi, kavu, inanata mkononi, na inaharibika haraka kwa sababu bakteria wanaipenda pH ya juu. Mteja anaiona anasema hii ni ya juzi kumbe imechinjwa asubuhi.

Mlete siku mbili au tatu kabla, ale, anywe, atulie na wenzake. Usimtenge peke yake, mbuzi akiwa peke yake analia na kuhangaika usiku mzima. Masaa kama 12 ya mwisho mwondolee majani ila maji abaki nayo, tumbo likipungua kuchuna na kutoa matumbo kunakuwa kusafi. Kulala usiku mmoja kunasaidia kidogo ila hakurudishi akiba yote, kwa iyo usijidanganye na "amepumzika jana".

Nguruwe ana shida ya upande wa pili, naitaja kwa ajili ya watu wa kitimoto. Akipata stresi palepale kabla ya kuchinjwa pH inaporomoka chini ya 6 ndani ya saa moja wakati nyama bado ya moto, protini zinaharibika, unapata nyama iliyopauka, tepetepe, inayochuruzika maji kwenye trei. Kwa mbuzi hilo sio la kukuumiza kichwa.

Hatua ya pili: tundika mzima, na tundika kwa nyonga

Baada ya kuchinja, kuchuna, kutoa matumbo na afisa mifugo kukagua, usikatekate. Mfupa ndio unaoshikilia msuli urefu wake. Ukitoa nyama kwenye mfupa ikiwa ya moto umeipa ruhusa ya kujikunja inavyotaka.

Kuna kitu cha bure kabisa ambacho bucha nyingi hazifanyi. Kawaida tunatundika kwa mshipa wa kisigino cha nyuma, mguu unanyooka juu, na misuli ya mgongo na paja inalegea. Badala yake pitisha ndoano kwenye tundu la mfupa wa nyonga, mguu wa nyuma ukaning'inia chini kama mbuzi amesimama. Misuli ya mgongoni na ya paja inavutwa, na inapokakamaa inakakamaa ikiwa imenyooka. Ile nyama ya ndani ya uti wa mgongo, ndogo laini, ndio inayolegea kidogo kwa mtindo huu, ila yenyewe ni laini kwa asili haikudai sana. Lazima ufanye mapema, ndani ya saa moja hivi, akishakakamaa hata umvute na trekta haisaidii.

Hatua ya tatu: masaa kumi ya mwanzo

Kanuni ya zamani ya wenye viwanda ni rahisi kukumbuka: nyama isishuke chini ya digrii 10 kabla ya masaa 10 kupita. Kwa anayepima pH maana yake ni kwamba unasubiri ishuke chini ya 6 kabla hujapeleka kwenye baridi.

Unahitaji sehemu ya digrii 14 mpaka 18, yenye hewa inayopita, kavu, safi, isiyo na nzi. Ukiwa Arusha mwezi wa 6 mpaka wa 8 au huku juu Kibosho, stoo ya kawaida usiku inakupa hiyo bila umeme. Moshi mjini mwezi wa 2 joto linapita 30, hapo usijaribu kutundika mchana kweupe, utalisha bakteria. Chinja jioni kabisa, au kama una friji ya kusimama nunua themostati ya nje, ile inayochomekwa kwenye soketi halafu friji inachomekwa kwake, uiseti digrii 15. Themostati ya friji yenyewe haifiki huko.

Usioshe mzoga kwa maji mengi, uso ukikauka ndio unajilinda, uso uliolowa ni shamba la bakteria. Kama pameingia kinyesi au nywele, kata hiyo sehemu utupe. Na hayo masaa kumi sio leseni ya kuacha nyama inaning'inia mpaka kesho mchana, yakiisha inaingia kwenye baridi.

Bila kifaa utajuaje amefika? Shika mguu wa mbele, ule unaoning'inia, uukunje kwenye goti. Saa la kwanza unachezacheza kama kamba. Baadaye unaanza kukugomea, na ukiuachia unarudi polepole. Ukifika mahali haukunjiki kabisa bila nguvu, amekakamaa, ATP imeisha, sasa baridi haiwezi kumkunja tena. Hapo ndio friji inaruhusiwa, na hata kumkatakata unaweza.

Kwa kupima pH, kipimo kizuri ni kile chenye ncha ya kuchoma kwenye nyama. Kisetiwe kwanza kwa yale maji maalumu ya 7 na ya 4, toboa nyama ya mgongoni kwa kisu chembamba karibu na mbavu za mwisho, ingiza ncha, subiri namba itulie, osha kwa maji ya betri. Nasema maji ya betri, yale safi ya kuongezea, SIO asidi ya betri, chupa zinafanana soma lebo aisee. Kama huna kipimo, siku ya pili saga gramu 10 za nyama kwenye mililita 90 za hayo maji, chovya karatasi za pH zile za kuanzia 5 mpaka 7. Sio sahihi sana ila itakuonyesha kama mbuzi wako ameishia 5.6 au amegoma kwenye 6.3.

Jaribio la mbuzi mmoja vipande viwili

Baada ya ile aibu nilitaka kuona kwa macho. Mwezi wa 7, Kibosho, maksai wa mwaka mmoja na nusu hivi, mzoga kilo 13. Kachinjwa saa 12 asubuhi, saa 1 nikampasua katikati ya uti wa mgongo. Upande wa kushoto ukaenda kwenye friji ya digrii 3 palepale. Upande wa kulia nikautundika kwa nyonga kwenye stoo, termometa ya ukutani inasoma 16.

Saa 4 asubuhi nyama ya mgongoni upande wa friji ilikuwa digrii 9 na pH 6.6. Hapo tayari ni kosa, ni baridi na bado ina nishati. Wa stoo ulikuwa digrii 24, pH 6.4. Saa 10 jioni wa stoo ukasoma digrii 17 na pH 5.9, mguu haukunjiki, nikauhamishia friji. Wa friji muda huo ulikuwa digrii 4 na pH bado 6.4, maana baridi inachelewesha na kushuka kwa pH pia.

Asubuhi ya pili ndio nikashangaa. Wa friji 5.8, wa stoo 5.7. Karibu sawa! Yani kama ningepima siku ya pili peke yake ningesema hizi nyama hazina tofauti. pH ya mwisho inakwambia kama mnyama alikuwa na sukari, haikwambii alipitia baridi gani njiani.

Siku ya tatu nikakata vipande vya unene uleule mgongoni kutoka pande zote mbili, chumvi tu, jiko moja, nikampa shemeji na yule babu wa "umeiogopesha" bila kuwaambia kipi ni kipi. Wote wawili wakachagua wa stoo kipande cha kwanza tu. Babu kile cha friji alikitafuna, akakihamisha shavu la pili, akakitoa kwa adabu akakiweka pembeni ya sahani.

Hatua ya nne: siku za kukomaza

Baada ya kukakamaa nyama haibaki hivyo. Kuna vimeng'enya ndani yake, kalpaini, vinakatakata protini zinazoshikilia nyuzi mahali pake. Ile mishikano ya aktini na mayosini haifunguki, kinachokatika ni nguzo za pembeni. Mbuzi mpe siku 3 mpaka 5 kwenye digrii 2 mpaka 4, ng'ombe siku 7 mpaka 14. Ndio maana nyama ya saa ya 24 ndio ngumu kuliko zote, na bahati mbaya ndio hiyo tunayouza zaidi.

Nyama iliyojikunja kwa baridi haikomai vizuri hata ukiiweka wiki, kwa sababu zile sehemu dhaifu ambazo zingekatika zimefunikwa na nyuzi zilizobanana. Na mbuzi mzee ni kesi nyingine kabisa, ugumu wake ni wa kolajeni, tishu inayofunga misuli, huo kalpaini haiuwezi, dawa yake ni moto mdogo na maji masaa mawili matatu. Kwa iyo kabla hujalaumu friji angalia meno ya mbuzi.

Wateja hapa ni mtihani. Mtu anataka nyama ya moto, ikiwa ya baridi anasema "mangi hii ni ya jana". Na hana kosa kwa upande mmoja: nyama inayoingia kwenye moto ndani ya saa moja au mbili baada ya kuchinja, kabla haijaanza kukakamaa, inaweza kuwa laini vizuri tu. Tatizo ananunua ya moto saa 2 asubuhi, anaiweka friji, anaipika jioni. Mimi siku hizi nauza zote mbili na namuuliza mtu anapika saa ngapi.

Kama umeshaigandisha ya moto

Usiiyeyushe kwenye maji wala juani. Nyama ikikaa kwenye digrii 3 chini ya sifuri siku kadhaa, ATP inaisha taratibu wakati barafu bado inaushikilia msuli usijikunje. Friji nyingi za nyumbani hazifiki hapo ila friza yenye ile themostati ya nje inafika, iseti kwenye hasi 3 siku nne tano ndio uhamishie friji ya kawaida iyeyuke. Inasaidia zaidi kama nyama bado iko kwenye mfupa.

Ikiwa imeshajikunja kama yangu, kisu na mashine ya kusaga ndio vimebaki. Zile kilo tisa zilizorudi na sahani, mke wangu alizisaga Jumapili, wageni wa kesho yake wakala sambusa na hakuna aliyeuliza chochote.